Shilingi Arubaini za Bi Biasha

Siku ya mshahara, Ijumaa ya mwisho ya Julai 1970, Mzee Mabrouk hakuwepo dirishani. Macho yalikuwa yamemzidi, akapewa ruhusa ya kukaa nyumbani. Mahala pake alikaa Tabia, mpiga chapa wa ofisi, ambaye hakuwahi kulipa watu mshahara maisha yake yote.

Mzee Mabrouk alikuwa na desturi yake. Kabla mtu hajatia sahihi, alilaza kipande cha kadibodi juu ya orodha ili usione ila jina lako na pale pa kusaini. Tabia hakuijua desturi hiyo. Aliifungua orodha yote wazi, akaizungusha upande wa Mwanakheir na kumpa kalamu.

"Hapa, Bi Mwanakheir. Mia mbili na ishirini."

Mwanakheir aliinama kusaini. Alikuwa mfumaji katika kiwanda cha usumba, nje kidogo ya mtaa wa Malindi, mwaka wa tano sasa. Makumbi ya nazi yaliingia kiwandani yakinuka matope ya pwani, yakatoka mazulia ya kufutia miguu ambayo yalipakiwa melini kwenda kwa watu asiowajua. Alikuwa anasoma vizuri, kuliko wenzake wengi wa pale, na jicho lake likasoma mstari mzima kabla hajalizuia. Mshahara, mia na themanini. Posho ya kukaimu usimamizi, arubaini. Jumla, mia mbili na ishirini.

Kalamu ikasimama.

"Vipi?" Tabia akauliza. "Hesabu haiji?"

"Inakuja," akasema Mwanakheir. Akasaini, akachukua bahasha, akatoka.

Alikuwa amekaimu, ni kweli. Mwaka uliopita, Bi Biasha, msimamizi wa wafumaji, alipokwenda kujifungua, meneja alimwita Mwanakheir na kumkabidhi kazi: kugawa nyuzi, kukagua mazulia, kuandika nani kaja na nani hakuja. Oktoba, Novemba na Disemba. Alipewa barua, na ndani ya barua iliandikwa shilingi arubaini za posho kila mwezi. Januari Bi Biasha akarudi, Mwanakheir akarudi kwenye kitanda chake cha kufumia. Mwezi huohuo ikatangazwa nyongeza ya mshahara kiwandani. Alipopokea mia mbili na ishirini ileile, akasema nafsini mwake kuwa posho imeondoka na nyongeza imeingia, na Mungu ni mwema.

Kumbe nyongeza ile ilikuwa ya mafundi wa mashine tu. Wafumaji hawakupata hata thumuni.

Usiku ule, baada ya kula, alimweleza mumewe, Jecha. Walikuwa wanakaa Kokoni, chumba kimoja cha ghorofani na kibaraza cha kupikia. Jecha alikuwa mwashi. Kazi ikipatikana analipwa, isipopatikana anakaa. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, kisha akainuka kufunga dirisha, ingawa joto lilikuwa halivumiliki.

"Nani mwengine anajua?"

"Hakuna. Tabia hata hajui alichonionesha."

"Basi nyamaza."

"Jecha, ni miezi saba. Shilingi mia mbili na themanini."

"Ndiyo maana nakwambia nyamaza. Siku hizi ukiitwa ofisini kwa fedha za kiwanda, nani atakayekaa akusikilize? Watasema umekula mali ya watu. Watauliza, miezi saba ulikuwa wapi? Utajibu nini?"

Fedha zenyewe zilikwisha ingia tumboni na paani: unga, mchele, dawa za mama yake huko Jambiani, mabati manane ya kuezekea jiko la mama yake lililokuwa linavuja. Hata angetaka kuzirudisha kwa mkupuo, hakuwa nazo.

Lakini hakulala. Jambo lililomnyima usingizi halikuwa meneja, alikuwa Bi Biasha. Tangu Januari yule mwanamke alikuwa amebadilika. Zamani walikuwa wakila pamoja mchana, wakichekana. Aliporudi na mtoto wake mchanga, salamu ikawa fupi kama ya mtu mwenye haraka, na zulia la Mwanakheir likawa halikosi kasoro. Mwanakheir alidhani ni uchovu wa uzazi. Sasa, akiwa amelala chali kizani, akajiuliza jambo ambalo hakuwahi kujiuliza: kama posho ya msimamizi inaandikwa kwenye mstari wangu, kwenye mstari wa Bi Biasha pameandikwa nini?

Jumamosi baada ya kazi alipita Mkunazini nyumbani kwa Mzee Mabrouk. Alimkuta amekaa kwenye mkeka, kitambaa kibichi juu ya macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sauti hii ya Mwanakheir. Ingia, mwanangu. Mke wangu kenda sokoni, hutapata kahawa mpaka arudi."

Alikaa, akaeleza, akiogopa. Mzee Mabrouk alikuwa karani wa mishahara pale tangu kiwanda kikiwa cha tajiri mwenyewe, kabla hakijawa cha serikali. Mwanakheir alitarajia akasirike. Mzee aliondoa kitambaa, na macho yake yalikuwa na ukungu mweupe katikati.

"Barua ya kurudi kwake ilinifikia," akasema polepole. "Niliiweka chini ya kitabu, niifanyie kazi nikipata mwanga mzuri. Wiki ile nilikuwa nasoma kwa kubahatisha. Kisha ikasahaulika. Kila mwezi nikawa nanakili orodha ya mwezi uliopita, mstari kwa mstari. Biasha alikuja kuniuliza. Februari. Nikamwambia barua yake bado haijafika. Nilisema hivyo kwa sababu nilishindwa kuitafuta."

"Kwa hivyo yeye hapati?"

"Hapati. Mshahara wake wa mia mbili tu, bila ya posho, tangu Januari."

Mwanakheir akashika kichwa.

"Mzee, mimi nataka kuandika barua kwa meneja. Lakini nikiandika, watakuuliza wewe."

"Na waniulize." Alisema kwa ukali kidogo, kama mtu anayejisukuma mwenyewe. "Nimejificha nyuma ya kadibodi mwaka mzima ili watu wasiyaone makosa yangu wakajua sioni. Imetosha. Unayo kalamu?"

Akamwelekeza. Mwanakheir alitaka kuanza kwa kuomba radhi kurasa mbili nzima, mzee akamkataza. "Radhi mstari mmoja. Wewe hukuiba, umelipwa zaidi. Sema ulikaimu lini mpaka lini, sema posho imeendelea tangu lini, taja kiasi unachodhani wewe, kisha uwaombe wao wahakikishe kwenye vitabu. Usikubali deni ambalo hawajalipiga hesabu. Halafu omba posho isimamishwe mwezi huu huu, maana kama haijasimamishwa deni linakua huku unalipa."

"Na kulipa kwenyewe?"

"Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanasema nitalipa, wanaacha ofisi ichague. Ofisi ikichagua itakata nusu ya mshahara, utakuja kukopa mchele. Sema wewe unaweza kiasi gani kwa mwezi, na kwa nini. Pale kwetu hakatwi mtu mpaka akubali kwa sahihi yake. Na omba nakala."

"Nimtaje Bi Biasha?"

Mzee alifikiri. "Andika kwamba huenda posho hiyo ni haki ya msimamizi, na uombe nayo iangaliwe. Yaliyobaki yatakuwa katika barua yangu mimi. Nitakutajia maneno uniandikie, mimi nitatia sahihi."

Barua ya Mwanakheir, alipoinakili kwa wino jioni ile, ilikuwa hivi:

*Kwa Ndugu Meneja. Kuhusu: Kulipwa posho zaidi ya haki yangu na ombi la namna ya kuirejesha.*

*Nilikaimu usimamizi wa wafumaji tangu tarehe 1 Oktoba 1969 hadi mwisho wa Disemba 1969, kwa posho ya shilingi 40 kwa mwezi. Msimamizi alirejea kazini tarehe 2 Januari 1970. Nimegundua tarehe 31 Julai kwamba posho hiyo imeendelea kulipwa kwangu tangu Januari hadi Julai, miezi saba, jumla shilingi 280 kwa hesabu yangu. Nilidhani ni nyongeza ya mshahara. Naomba radhi kwa kutouliza mapema.*

*Naomba hesabu hiyo ihakikishwe katika vitabu vya kiwanda, posho isimamishwe kuanzia mshahara wa Agosti, na iangaliwe kama posho hiyo ni haki ya msimamizi ambaye hakulipwa. Fedha nilizopokea nimekwisha kuzitumia. Mshahara wangu ni shilingi 180, nasaidia mama yangu na kazi ya mume wangu si ya kila siku. Kwa hivyo naomba nikatwe shilingi 20 kila mwezi kuanzia Septemba mpaka deni limalizike, na nipatiwe makubaliano kwa maandishi.*

Jecha aliisoma mara mbili. Mwanakheir alimtazama akifungua mdomo, akiufunga.

"Mia na themanini, utoe ishirini," akasema mwishowe. "Tutakula mihogo."

"Tulikuwa tunakula mihogo mwaka juzi."

"Nilikuwa naichukia mwaka juzi." Lakini akaikunja barua kwa uangalifu na kuitia ndani ya bahasha. "Jumatatu nitakusindikiza mpaka mlangoni. Nikikaa nyumbani nitaumwa."

Jumatatu tarehe tatu Agosti barua mbili zilifika mezani kwa meneja, Ndugu Borafya. Siku ya Alkhamisi Mwanakheir akaitwa. Alipoingia alimkuta Bi Biasha amekwisha kaa, mikono imekunjwa, uso umefungwa. Tabia alikuwa pembeni na vitabu viwili vimefunguliwa.

Ndugu Borafya alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa skuli. "Nimeanza kazi hii miaka mitatu sasa," akasema. "Wanaokuja hapa kuniambia wamepunjwa siwezi kuwahesabu. Wewe wa mwanzo kuniambia umezidishiwa. Kwanza nilidhani kuna mtego."

"Hakuna mtego, Ndugu Meneja."

"Nimeona. Barua ya Mzee Mabrouk inasema hayo hayo." Akamgeukia Bi Biasha. "Wewe hukulipwa posho yako tangu umerudi. Kwa nini hukuja kwangu?"

Bi Biasha alikunjua mikono. "Niliuliza dirishani mara moja. Nikaambiwa bado. Kisha nikasikia watu wanasema waliochukua likizo ya uzazi wamepunguzwa. Nikaona nikidai zaidi, kazi nayo nitaikosa." Akamtazama Mwanakheir kwa mara ya kwanza. "Na nilipata kusikia kwamba yeye bado analipwa kama msimamizi. Fundi mmoja aliiona bahasha yake. Nikajua basi, wameshampa nafasi yangu, wananisubiri nichoke mwenyewe."

"Bi Biasha!" akasema Mwanakheir. "Wallahi sikujua."

"Sasa nnajua kuwa hukujua."

Meneja akagonga meza kwa kalamu. "Tupige hesabu. Tabia."

Tabia akasoma. Likizo ya uzazi ilikuwa wiki kumi na mbili tangu tarehe mosi Oktoba, kwa hivyo iliisha tarehe ishirini na tatu Disemba. Posho huenda kwa anayeshika kazi mwezi unapoisha, kwa hivyo ya Disemba haikustahili kulipwa kwa Mwanakheir. Miezi minane, si saba. Shilingi mia tatu na ishirini.

Arubaini zaidi ilikuwa miezi miwili mingine ya makato. Na asingeweza kusema hapana kwa uhakika. Kitabu kilikuwa mbele yao, yeye alikuwa na kumbukumbu tu. Akakumbuka aliloambiwa Mkunazini.

"Naomba kiangaliwe kitabu cha mahudhurio," akasema. "Disemba mpaka mwisho nilikuwa nagawa nyuzi mimi. Mahudhurio ya wafumaji niliyaandika kwa mkono wangu."

"Kitabu hicho kipo stoo," Tabia akasema. "Kukipata ni kazi."

"Hakuna haja," akasema Bi Biasha.

Wote wakamtazama. Kila mmoja mle ndani aliweza kupiga hesabu ile kichwani: Disemba ikihesabiwa kuwa ya Bi Biasha, yeye atalipwa shilingi arubaini zaidi.

"Baada ya wiki kumi na mbili nilichukua na likizo yangu ya mwaka, siku zilizobaki," akaendelea. "Mtoto alikuwa na homa. Nilirudi Ijumaa, tarehe mbili Januari. Disemba yote kafanya yeye. Posho ya Disemba ni yake, halali yake."

Ndugu Borafya aliandika. Hata hivyo akamtuma Tabia stoo, na kitabu kilipoletwa, kimejaa vumbi la makumbi, mwandiko wa Mwanakheir ulikuwa pale kila siku ya Disemba mpaka tarehe thelathini na moja. "Saba," akasema meneja. "Mia mbili na themanini. Sasa kukata. Kiwanda hakiwezi kungoja miezi kumi na nne. Kitabu cha mwaka kinafungwa. Nilifikiri sabini kwa mwezi, miezi minne tumalize."

"Sitaweza, Ndugu Meneja."

"Ulipokea arubaini kila mwezi, na ulikuwa unaishi kabla yake."

"Nilikuwa naishi kwa mia na themanini. Ukinikata sabini, nitaishi kwa mia na kumi. Sijawahi kuishi kwa mia na kumi. Nitaanza kukopa, na mwisho nitakuja kwako kuomba karadha. Kosa halikuwa langu peke yangu. Naomba mzigo wake uwe wa kubebeka."

Meneja alimtazama, akatazama barua, akatazama dirishani ambako lori lilikuwa likimwaga makumbi.

"Miezi kumi," akasema. "Ishirini na nane kwa mwezi. Unamaliza Juni. Chini ya hapo nami nitaulizwa na walio juu yangu."

Ishirini na nane. Mwanakheir alizigawa kichwani: mia na hamsini na mbili zitabaki. Kodi, mchele, mama. Ilikuwa inabana, lakini inaingia.

"Nakubali. Na mwezi nitakaopata zaidi, niruhusiwe kulipa zaidi."

"Ruhusa."

"Na niandikiwe kila mwezi kimekatwa kiasi gani na kimebaki kiasi gani."

Ndugu Borafya akacheka, cheko fupi la mtu aliyeshindwa pahala asipopatarajia. "Tabia, andika hilo nalo. Na si kwake tu. Kuanzia mwezi huu kila mtu apate kikaratasi ndani ya bahasha, mshahara kiasi gani, posho ya nini, makato ya nini. Na barua yoyote ya kukaimu iwe na tarehe ya kumalizika, tarehe ikifika posho ikatike. Orodha isomwe na watu wawili."

"Na Mzee Mabrouk?" akauliza Mwanakheir.

"Mzee Mabrouk anakwenda hospitali wiki ijayo kutolewa mtoto wa jicho. Akipona atarudi, awe msomaji wa pili. Nimesoma barua yake. Mtu anayeandika barua kama ile simfukuzi."

Tabia alipiga chapa makubaliano, ukurasa mmoja, nakala tatu. Meneja akasaini, Mwanakheir akasaini, Bi Biasha akawa shahidi. Malimbikizo ya Bi Biasha, shilingi mia mbili na themanini, yaliandikwa yalipwe na kiwanda pamoja na mshahara wa Agosti, bila kungoja deni la Mwanakheir limalizike. Hizo zilikuwa hesabu mbili tofauti, meneja alisema, na mfanyakazi halipwi kwa mfuko wa mwenzake.

Nje, kwenye uwanja wa kuanikia usumba, Bi Biasha alimngoja.

"Miezi saba nimekukagulia zulia kwa roho mbaya," akasema. "Lile la Mei, lenye ua la katikati, halikuwa na kasoro hata moja. Nilikufumulisha bure."

"Nilijua halina kasoro."

"Na hukusema!"

"Na wewe ulikaa na dhiki yako hukusema."

Wakasimama, kisha Bi Biasha akaanza kucheka, na Mwanakheir naye, mpaka wasokota kamba wakainua vichwa kuwatazama. Mchana ule walikula pamoja, mkate wa kumimina aliokuja nao Bi Biasha, na wakakaa muda mrefu kuliko ulioruhusiwa.

Mwisho wa Septemba dirisha la mishahara lilikuwa na watu wawili. Mzee Mabrouk alikuwa amerudi, miwani minene usoni, akisoma kwa sauti huku Tabia akifuatisha kwa kidole. Kadibodi haikuwepo. Mwanakheir alipokea bahasha yake, akatoa kikaratasi, akasoma: *Mshahara 180. Makato ya posho iliyozidi 28. Unapokea 152. Salio la deni 252.* Alikisoma tena akiwa amesimama palepale juani. Mwezi uliopita deni lilikuwa kitu kinachomlalia kifuani. Sasa lilikuwa namba, na namba ile ilikuwa imeanza kupungua.

Alikuwa anakikunja alipovutwa kanga kwa nyuma. Alikuwa Kurwa, msokota kamba, mwanamke wa Matemwe asiyependa maneno mengi, naye ameshika kikaratasi chake, kakigeuza juu chini.

"Bi Mwanakheir, nisomee. Mimi mwezi huu nimefanya kazi Jumapili mbili. Zimo humu?"

Mwanakheir akakigeuza, akasoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili.

"Hazimo."

Uso wa Kurwa ukanywea. "Basi tena."

"Basi tena nini? Nani alikupangia Jumapili hizo? Unazikumbuka tarehe?"

"Alinipangia Bi Biasha, kwa kamba za wafumaji wake. Tarehe sita na tarehe ishirini."

"Hebu njoo tukae hapa kivulini," akasema Mwanakheir, akitafuta kalamu ndani ya mkoba wake. "Tutaanza na hizo tarehe."